Shajara ya mradi: lango la kukagua oda kabla hazijafika sokoni

Juma la 1, Jumatatu

Mradi huu ulizaliwa na oda moja. Mfuko mdogo wa pensheni ulituagiza sisi, ofisi ya udalali wa hisa, tuununulie hisa 3,000 za kampuni ambayo hisa zake huuzwa kwa nadra, kwa bei isiyozidi shilingi 42.00, na karani wetu akaandika 300,000. Mfumo wetu wa oda ulikuwa na kikomo kimoja tu cha idadi, hisa 1,000,000 kwa kila oda, nacho kilikuwa kimewekwa na mtu ambaye hayupo tena ofisini na kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Oda ikapita. Kwa kuwa mteja huyo ni wa kundi linalolipa siku ya makabidhiano, hata ukaguzi wa salio la fedha haukuizuia. Karani mwenzetu aliyekaa meza ya pili ndiye aliyeona mstari mrefu usio wa kawaida upande wa wanunuzi, na oda ilipofutwa ilikuwa tayari imekwishanunua hisa 11,400, yaani kila hisa iliyokuwa ikiuzwa siku hiyo kwa shilingi 42.00 au chini yake.

Mteja alichukua 3,000 zake. Zile 8,400 zilizosalia ziliingia katika akaunti yetu ya makosa, tukaziuza kidogo kidogo kwa siku tisa kwa wastani wa shilingi 39.10, na hasara ikawa shilingi 24,360 kabla ya ada. Si fedha za kufunga ofisi, lakini hisa hiyo ingekuwa na wauzaji wengi siku ile, tungebeba mzigo wa karibu shilingi milioni 12.5.

Nimepewa majuma sita ya kujenga lango litakalokagua kila oda kabla haijaondoka kwetu kwenda Soko la Hisa la Nairobi. Lango litakaa kati ya mfumo wa oda na muunganisho wa FIX, lugha ya ujumbe ambayo madalali na masoko hutumiana oda, unaoelekea sokoni, wala si ndani ya skrini ya karani, kwa sababu oda hutufikia pia kutoka kwa programu ya simu ya wateja na kutoka kwa faili ambazo taasisi hututumia asubuhi. Ukaguzi ulio ndani ya skrini moja haujui chochote kuhusu milango mingine.

Juma la 1, Alhamisi

Mkuu wa dawati aliniuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza mwenyewe kwanza: ikiwa soko lenyewe lina mipaka ya bei, ya asilimia 10 juu na chini ya bei ya jana kwa siku, sisi tunajenga nini? Jibu ni kwamba mpaka wa soko hukagua bei peke yake. Soko halijui kwamba mteja wetu alitaka hisa 3,000, na oda ya hisa 300,000 kwa bei ya kawaida kabisa ni oda halali machoni pake. Zaidi ya hayo, asilimia 10 ni nafasi pana. Mtu aliyenunua kwa asilimia 9 juu ya bei amekosea, na soko litamkubalia.

Ili nisijenge kwa kukisia, nimeamua kwamba kila kanuni itakayoingia langoni ipimwe kwanza kwa makosa yaliyowahi kutokea na ambayo maelezo yake yanajulikana. La kwanza ni la Tokyo, tarehe 8 Desemba 2005. Dalali wa Mizuho Securities alitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni ya J-Com, iliyokuwa ikiingia sokoni siku hiyohiyo, kwa yeni 610,000. Badala yake aliuza hisa 610,000 kwa yeni 1. Kampuni nzima ilikuwa na hisa 14,500 tu, kwa hiyo oda hiyo ilikuwa ikiuza kampuni hiyo mara 42. Skrini ilimwonya kwamba bei imetoka nje ya mipaka, naye akalipita onyo. Hasara ilifika takribani yeni bilioni 40.

Nimeiandika oda hiyo kama ambavyo ingefika langoni kwetu, nikaiweka kuwa jaribio nambari 1:

```
35=D|55=JCOM|54=2|38=610000|40=2|44=1
```

Kwa wenzangu wasiosoma FIX kila siku: `35=D` ni oda mpya, `54=2` ni kuuza, `38` ni idadi, `40=2` ni oda yenye bei ya kikomo, na `44` ndiyo bei yenyewe.

Juma la 2, Jumanne

Leo jaribio nambari 1 limenifedhehesha, nami naliandika kwa urefu kwa sababu ndilo jambo kubwa nililojifunza katika mradi huu hadi sasa.

Kanuni ya kwanza niliyoiandika ilikuwa ya thamani: zidisha idadi kwa bei, na ikizidi kikomo cha mteja, kataa. Ilionekana kuwa na busara kuliko kikomo cha idadi, maana hisa 10,000 za Safaricom na hisa 10,000 za BAT si mzigo mmoja. Oda ya Mizuho ikapita bila kuguswa. Nilidhani nimekosea kusoma ujumbe, nikarudia, ikapita tena. Kisha nikakaa na kalamu. Hisa 1 kwa yeni 610,000 ni yeni 610,000. Hisa 610,000 kwa yeni 1 ni yeni 610,000. Mtu anapobadilishana idadi na bei, jawabu la kuzidisha halibadiliki hata kwa yeni moja, na kanuni ya thamani inayotumia bei iliyoandikwa na yule aliyekosea inakagua kosa kwa kutumia kosa lenyewe.

Dawa ni kutoiamini bei ya oda. Thamani ihesabiwe kwa bei ambayo hisa itauzwa kweli, yaani bei rejea tunayoijua sisi, au kwa bei ya oda endapo hiyo ndiyo kubwa zaidi:

```python
def thamani_ya_hatari(oda, rejea):
    return oda.idadi * max(oda.bei or 0, rejea)
```

Kwa bei rejea ya yeni 610,000, ile iliyokuwa bei ya kutolea hisa hizo kwa umma, oda hiyohiyo sasa ina thamani ya yeni bilioni 372.1, na lango linaikataa bila kusitasita. Sehemu ya `oda.bei or 0` imewekwa kwa ajili ya oda za bei ya soko, ambazo hazina tagi `44` kabisa. Bila hiyo, oda isiyo na bei ingeangusha programu.

Tukio la Tokyo lina funzo lingine ndani yake ambalo watu huliruka. Soko lile pia lilikuwa na mipaka ya bei, nayo ilifanya kazi: oda ya yeni 1 haikuuzwa kwa yeni 1, ilichukuliwa kama oda ya yeni 572,000, sakafu ya siku hiyo. Mpaka wa bei uliiokoa bei. Idadi haikuwa na wa kuiokoa, na Mizuho walipojaribu kuifuta oda, mfumo wa soko ulikuwa na hitilafu na haukuifuta. Hisa ambazo hazikuweza kununuliwa tena zilimalizwa kwa fedha taslimu, yeni 912,000 kwa kila moja. Nimemwonyesha mkuu wa dawati hesabu hii kama jibu kamili la swali lake la juma lililopita.

Juma la 2, Ijumaa

Vikomo vya idadi. Kikomo kimoja kwa hisa zote ni sawa na kipimo kimoja cha kiatu kwa familia nzima: hisa 1,000,000 ni asubuhi ya kawaida kwa Safaricom, yenye hisa zaidi ya bilioni 40 kwa jumla, na ni miezi ya biashara kwa kampuni ile iliyotuletea hasara.

Kwa hiyo kila hisa inapata kikomo chake kutokana na mwenendo wake. Nachukua siku 20 za biashara zilizopita, nazipanga kwa idadi ya hisa zilizouzwa, nashika ile iliyo katikati, kisha robo yake ndiyo kikomo cha oda moja. Sikutumia wastani wa kawaida kwa sababu siku moja yenye mauzo makubwa ya makubaliano huuvuta wastani juu kwa mwezi mzima, na kikomo kikafunguka wakati ambapo hakuna sababu ya kufunguka. Kwa hisa yetu ya mkasa, siku ya katikati ilikuwa na hisa 18,000. Robo yake ni 4,500. Oda ya 3,000 inapita, ya 300,000 inakataliwa, na hata kosa dogo la sufuri moja, 30,000, linakataliwa pia.

Tatizo ni hisa zinazokaa zaidi ya nusu ya siku hizo bila kuuzwa kabisa. Siku yake ya katikati huwa sufuri, robo ya sufuri ni sufuri, na lango likakataa kila kitu. Nimeweka kiwango cha chini: oda yoyote yenye thamani isiyozidi shilingi 200,000 kwa bei rejea haiguswi na kikomo hiki cha idadi. Nambari hiyo nimeipata kwa kuzungumza na dawati. Haitoki katika kanuni yoyote ya hesabu, na mwenye sababu nzuri ya kuibadilisha aibadilishe.

Juma la 3, Jumatano

Ukanda wa bei. Kazi yake ni kuuliza kama bei ya oda imekaa karibu na bei ya soko, na kazi yenyewe ni rahisi mpaka uulize ni bei gani ya soko, na karibu kwa kiasi gani, na upande upi.

Naanza na upande. Anayenunua kwa bei ya chini sana hadhuriki. Oda yake itakaa kwenye foleni bila kuguswa. Anayeumia ni anayenunua kwa bei ya juu na anayeuza kwa bei ya chini. Kwa hiyo zuio kamili linakaa upande huo peke yake, na upande wa pili unatoa onyo tu, maana mtu aliyeandika 4.20 badala ya 42.00 akinunua amekosea kweli, ila kosa lake halimgharimu fedha bali muda.

```python
def nje_ya_ukanda(oda, rejea, asilimia, hatua):
    if oda.bei is None:        # oda ya bei ya soko
        return False
    upana = max(rejea * asilimia / 100, 4 * hatua)
    if oda.upande == "1":      # kununua
        return oda.bei > rejea + upana
    return oda.bei < rejea - upana
```

Hiyo `hatua` ni mruko mdogo kabisa wa bei unaoruhusiwa. Iliingia baada ya majaribio kuonyesha kwamba kwa hisa inayouzwa senti 40, senti 1 peke yake ni asilimia 2.5, hivyo ukanda wa asilimia 3 unamruhusu mtu kusogea senti moja tu, na oda za kawaida kabisa zinakataliwa kutwa nzima. Miruko minne ndiyo upana wa chini. Bei zote nazishika kama idadi nzima ya senti, si kama desimali za kompyuta, kwa sababu ulinganisho ulio mpakani kabisa hauvumilii kosa la sehemu ya kumi ya senti.

Ukanda mwembamba una faida ambayo sikuitarajia. Chukua hisa ya bei kubwa, shilingi 450. Mteja anataka kununua hisa 480, karani anabadilisha nafasi na kuandika hisa 450 kwa shilingi 480. Idadi ni ya kawaida. Thamani ni shilingi 216,000 vilevile. Bei ni asilimia 6.7 juu, ndani ya mpaka wa soko. Hakuna kanuni nyingine inayoweza kuliona kosa hilo ila ukanda ulio chini ya asilimia 6.7. Nimechagua 5 kwa hisa zinazouzwa kila siku.

Juma la 3, Ijumaa

Bei rejea imenila siku mbili. Wazo la kwanza lilikuwa kutumia bei ya mwisho iliyouzwa, kwa kuwa ndiyo mpya kuliko zote. Kisha nikaigiza karani anayekosea mara kadhaa mfululizo. Bei ya mwisho ni 42.00, ukanda ni asilimia 5, ananunua kwa 44.00 na oda inapita. Sasa bei ya mwisho ni 44.00, kwa hiyo 46.00 nayo inapita. Lango linapanda ngazi pamoja na kosa, hatua kwa hatua, na kila hatua ikitazamwa peke yake ni halali. Kinachotakiwa kukaguliwa hakipaswi kuwa na uwezo wa kukisogeza kipimo chake.

Sasa bei rejea ni bei ya kufungia ya jana, nayo inaweza kusogea ndani ya siku kufuata katikati ya mnunuzi bora na muuzaji bora, kwa masharti mawili: pengo kati yao lisizidi asilimia 4, na oda zetu wenyewe ziondolewe katika hesabu. Sharti la kwanza ni kwa ajili ya hisa zenye wauzaji wachache, ambapo mnunuzi yuko 38 na muuzaji yuko 47, na katikati yake haimaanishi kitu. Hapo tunabaki na ya jana.

Kisha kuna siku ambazo bei ya jana yenyewe inadanganya. Nilipitisha langoni mgawanyo wa hisa wa kubuni, hisa moja kuwa kumi. Bei rejea ikabaki 200, soko likafunguliwa kwenye 20, na lango likakataa kila aliyetaka kuuza likisema bei yake iko asilimia 90 chini. Upande wa wanunuzi ndiko kwenye hatari zaidi: mtu angeweza kununua kwa mara kumi ya bei na lango likamwona yuko sawa. Kuanzia sasa, hisa yoyote yenye mgawanyo, hisa za bonasi au haki za kununua hisa mpya haina bei rejea mpaka mtu wa kitengo cha uendeshaji aiandike kwa mkono na mwingine aithibitishe, na isiyo na bei rejea haipiti. Hisa mpya sokoni zinafuata utaratibu huohuo, kwa bei ya kutolewa kwa umma.

Juma la 4, Jumanne

Nimechukua oda zetu zote za miezi mitatu, 11,842, nikazipitisha langoni usiku. Ziligusa kanuni mara 903, yaani kama 15 kwa kila siku ya biashara. Nilimpelekea mkuu wa dawati orodha, naye hakumaliza ukurasa wa kwanza.

“Kijana wangu,” akasema, “ukinipigia kengele mara 15 kwa siku, ya 16 sitaisikia.”

“Ni kweli, Mama. Ndiyo maana nimekuletea kabla ya kuwasha.”

Aliyoyasema ndiyo yaliyotokea London tarehe 2 Mei 2022. Dalali wa Citi alitaka kuuza kapu la hisa lenye thamani ya dola milioni 58. Aliandika milioni 58 katika nafasi ya yuniti badala ya nafasi ya thamani, na kapu likawa la dola bilioni 444. Mfumo ulitoa dirisha lenye maonyo 711, ambamo ni mistari 18 tu ya kwanza iliyoonekana bila kuteremsha, na dirisha zima liliweza kupitwa kwa mkupuo. Mazuio mengine yaliukamata mzigo wa dola bilioni 255, lakini bilioni 189 zikaendelea hadi kwenye programu ya kuuzia, na hisa za dola bilioni 1.4 zikauzwa katika masoko ya Ulaya kabla oda haijafutwa. Mwaka 2024 wasimamizi wa Uingereza walitoza faini ya jumla ya pauni milioni 61.6, na mojawapo ya kasoro walizozitaja ni kukosekana kwa zuio kamili ambalo lingelikataa kapu hilo lote.

Kwa hiyo nimegawa kanuni makundi mawili na kukataa katakata kundi la tatu, la maonyo yanayopitwa kwa mkupuo. Lipo zuio, ambalo karani hawezi kulipita, na msimamizi anaweza kulifungua kwa oda hiyo moja tu, kwa dakika tano tu. Lipo onyo, moja kwa wakati mmoja, lenye sentensi inayosema jambo kwa lugha ya dawati: “Oda hii ni karibu robo ya mauzo ya siku ya kawaida ya hisa hii.” Ili kuendelea, karani anaandika idadi upya katika kisanduku kitupu, hakuna kitufe cha kukubali. Anayenakili kosa lake kwa mkono mara ya pili hutokea, lakini vidole havirudii sufuri mbili za bahati mbaya kirahisi.

Juma la 4, Ijumaa

Baada ya kurekebisha ukanda kwa hisa za senti, kuziondoa oda za upande usiodhuru katika mazuio, na kuwapa wateja wakubwa vikomo vyao vya thamani, oda zinazoguswa zimeshuka kutoka 903 hadi 61. Nilizisoma zote 61 moja moja nikiwa na karani aliyeziingiza. Nne zilikuwa makosa halisi, zikiwemo mbili ambazo hakuna aliyewahi kuzigundua kwa kuwa hazikupata wa kuuziana naye kabla siku haijaisha. Nyingi kati ya 57 zilizobaki ni taasisi zinazouza kwa wingi kwa makubaliano ya awali. Kwa hizo, dawati litasajili makubaliano asubuhi, kampuni, upande, idadi ya juu na bei, na lango litazipitisha ndani ya mipaka hiyo tu.

Juma la 5, Jumatano

Mwanafunzi wa mafunzo kazini ameuvunja mradi wangu kwa dakika mbili. Aliingiza oda ya hisa 3,000, ikapita kwa haki. Kisha akaifungua, akabadilisha 3,000 kuwa 300,000, akabonyeza. Ikapita nayo. Lango lilikuwa likikagua `35=D` pekee, na kubadilisha oda iliyokwisha tumwa huenda kwa ujumbe mwingine, `35=G`, ambao nilikuwa nimeuacha upite kwa kudhani kwamba oda mama ilishakaguliwa. Nilimpa mkono, kisha nikaenda kunywa chai peke yangu.

Marekebisho yenyewe yana mtego. Ndani ya `35=G`, tagi `38` hubeba jumla mpya ya oda nzima, pamoja na zile hisa ambazo tayari zimekwishanunuliwa, haibebi nyongeza. Ukikagua tofauti kati ya zamani na mpya, mtu anaweza kupandisha oda kidogo kidogo, mara nyingi, na kila nyongeza ikawa ndogo. Ukaguzi wa idadi sasa unatazama jumla yote, na ukaguzi wa thamani unatazama kile kilichobaki sokoni, yaani `38` mpya kutoa `14`, ambayo ni idadi iliyokwisha kuuziana. Bei mpya inapita kwenye ukanda kama oda mpya kabisa.

Mwanya huohuo unaweza kufunguliwa kwa oda nyingi ndogo: mtu au faili iliyojirudia ikituma oda mia za hisa 4,000, kila moja ni halali. Nimeongeza hesabu ya jumla ya oda zilizo wazi kwa mteja mmoja katika hisa moja, yenye kikomo cha mara mbili ya kikomo cha oda moja. Faili ya asubuhi iliyopakiwa mara mbili kwa makosa ndiyo niliyokuwa nikiiwaza.

Oda iliyokataliwa sasa inarudi kwa karani kwa jibu la kawaida la FIX, likiwa na sababu inayosomeka na binadamu:

```
35=8|39=8|150=8|103=3|58=IDADI 300000, KIKOMO 4500
```

Toleo la awali liliandika tu kwamba oda imezidi kikomo. Karani wa kwanza aliyelipata alidhani ni kikomo cha fedha za mteja, akampigia mteja simu. Nambari mbili ndani ya sababu zimemaliza utata huo.

Juma la 6, Ijumaa

Lango limewashwa Jumatatu. Katika siku tano limezuia oda tatu na kutoa maonyo tisa. Zuio la kwanza lilikuwa la haki kwa kanuni na la kosa kwa hali halisi: taasisi iliyokuwa na makubaliano ambayo dawati lilisahau kuyasajili, na msimamizi akaifungua baada ya kumpigia mteja. La pili lilikuwa bei, 4.25 badala ya 42.50 upande wa kuuza. Katika kumbukumbu za mfumo, kati ya oda iliyokataliwa na ile iliyosahihishwa kuna sekunde 11. La tatu lilitokea saa tatu na dakika chache asubuhi, faili ya bei za jana ilipochelewa kufika na hisa zote zikakosa bei rejea. Oda moja ilikataliwa kabla hatujaona, kisha dawati likasimama kwa dakika saba. Kulikuwa na manung'uniko, na pendekezo kwamba faili ikichelewa lango litumie bei za juzi. Nimelikataa, nami badala yake nimeongeza simu inayomwamsha mtu saa mbili kamili ikiwa faili haijafika.

Linalobaki wazi ni kosa ambalo vipimo hivi haviwezi kuliona. Leo mchana karani aliweka oda ya kuuza hisa 1,200 ambazo mteja alitaka kununua. Idadi sahihi, bei sahihi, kampuni sahihi, `54=2` mahali pa `54=1`. Kila kanuni ilipita, na ilistahili kupita, kwa kuwa hakuna nambari hata moja iliyokuwa ya ajabu. Mteja huyo hakuwa na hisa hata moja ya kampuni hiyo katika akaunti yake ya CDSC, hifadhi kuu ya hisa za wawekezaji, kwa hiyo jambo lenyewe lingeweza kujulikana, ila kwa kutazama salio lake la hisa, ambalo lango halilisomi. Oda ilifutwa kabla haijapata mnunuzi. Jumatatu nitaanza kuomba ruhusa ya kusoma masalio hayo kila asubuhi, na kwa kuwa yatakuwa ya jana usiku, itabidi kwanza nijue la kufanya na mteja aliyenunua asubuhi na kutaka kuuza mchana.